Shajara ya sakafu ya jiko la Mama, Kisauni

Jumamosi jioni

Kuta za jiko la nje zimesimama, na mawe ya kujazia yalishindiliwa wiki iliyopita. Kilichobaki ni sakafu. Nimeingia na tepu nikapima kutoka ukuta hadi ukuta: mita 4.20 kwa mita 3.60. Tumekubaliana na fundi kwamba zege iwe na unene wa sentimita 10, mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne.

Hesabu ya kwanza niliifanya nikiwa nimesimama pale pale mlangoni. Eneo ni 4.20 mara 3.60, mita za mraba 15.12. Nikizidisha na unene wa mita 0.10 napata mita za ujazo 1.512. Moja, mbili na nne jumla ni sehemu saba, kwa hiyo nikagawa 1.512 kwa 7, nikapata simiti ya mita za ujazo 0.216. Mfuko mmoja wa kilo 50 huchukua takriban lita 35, yaani 0.035 ya mita ya ujazo. Jibu likaja mifuko 6 na kidogo. Nikaandika kwenye daftari: mifuko 7.

Nilipomwonyesha fundi, aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kidogo. Kisha akanirudishia. "Mwanangu, kwa chumba hiki usinunue chini ya kumi. Mita moja ya zege hula mifuko sita na nusu." Nikamuuliza sababu. Akaniambia ndivyo alivyofundishwa na ndivyo ambavyo kazi humwonyesha kila siku. Nimelala nikiiwaza hiyo tofauti. Kati ya saba na kumi kuna mifuko mitatu, na kama tungeanza kumwaga na saba, tungekwama thuluthi moja ya chumba ikiwa bado mawe matupu.

Jumapili asubuhi

Nimelipata jibu kwa ndoo na jagi, na kila aliyenunua vifaa vikapungua angefaa kulifanya jaribio hili hili.

Nilichukua ndoo ya lita 20, nikaijaza kokoto za robo tatu ya inchi hadi mdomoni, nikasawazisha kwa kibao. Kisha nikaanza kumimina maji kwa jagi la lita moja, polepole, nikihesabu. Maji yalipotea ndani ya mawe. Jagi la tano halikuonekana, la saba halikuonekana. Yalipofika lita 8 na nusu ndipo yakachungulia juu. Maana yake ndoo niliyodhani ina lita 20 za mawe ilikuwa na mawe lita 11 na nusu tu, na hizo nyingine zilikuwa nafasi tupu kati ya jiwe na jiwe.

Zege likichanganywa, mchanga huingia kwenye nafasi hizo. Simiti nayo huingia kati ya chembe za mchanga, na maji hufukuza hewa iliyobaki. Kwa hiyo sehemu saba za vitu vikavu hazitoi sehemu saba za zege. Zinashuka. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, ukitaka mita moja ya ujazo ya zege iliyoshindiliwa, unahitaji takriban mita 1.54 za vitu vikavu. Wapo wanaotumia 1.5 na wapo wanaotumia 1.57, kwa kuwa kokoto na mchanga havifanani kila mahali, lakini 1.54 iko katikati na ndiyo niliyoichukua.

Nikaijaribu dhidi ya neno la fundi. Chukua 1.54, gawa kwa 7, unapata 0.22. Simiti iliyolegea ina uzito wa kilo 1,440 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo 0.22 ni kilo 317, mifuko 6 na thuluthi hivi. Ongeza kidogo cha kumwagika na unafika sita na nusu ya fundi. Nilifurahi sana. Kanuni ya mkononi mwake na hesabu ya daftari ni kitu kimoja.

Kosa langu la jana, basi, lilikuwa hapo: niligawa ujazo wa zege iliyolala chini kana kwamba ni ujazo wa vitu vilivyo kwenye ndoo.

Jumapili alasiri

Mama alinikuta nimepiga magoti jikoni na uzi, akauliza kama sakafu imeshaharibika kabla ya kujengwa. Nilimwambia napima kina.

Unene wa sentimita 10 ni ule tunaoutaka. Ule tutakaoumwaga hutegemea kitanda kilivyo, na kitanda cha mawe na kifusi hakilali sawa kamwe. Tulichora mstari wa juu ya sakafu ukutani kwa mpira wa maji, kisha tukavuta uzi kutoka ukuta mmoja hadi wa pili mara tatu, na katika kila uzi nikapima kushuka chini mahali panne. Vipimo ni 12, kwa sentimita:

Karibu na nyumba: 10, 10.5, 11, 11.
Katikati: 10, 11, 11.5, 12.
Upande wa uani: 9.5, 10.5, 12, 13.

Jumla ni 132. Nikigawa kwa 12, wastani ni sentimita 11 kamili. Kwa macho, chumba kile kilionekana tambarare. Lakini sentimita moja juu ya kumi ni sehemu ya kumi ya kila kitu: ya simiti, ya mchanga, ya kokoto na ya jasho la vibarua. Urefu na upana ukikosea kwa sentimita moja huna hasara ya kuzungumzia. Kina kikikosea kwa sentimita moja, unanunua mfuko mzima wa ziada. Ndiyo maana sasa naamini tepu ifanye kazi zaidi kwenda chini kuliko kwenda pembeni.

Fundi alisema kujaza shimo kwa zege ni kujaza kwa kitu ghali kuliko vyote vilivyoko uwanjani. Tukaleta matoroli machache ya vumbi la kokoto, tukalimwaga ile kona ya uani iliyokuwa na 13 na kuelekea katikati, tukalinyunyizia maji na kulishindilia. Kile kichuguu kilichokuwa na 9.5 tukakikwangua. Nimepima tena mahali pale pale 12 na wastani umeshuka hadi 10.3. Fundi ametosheka, nami nimetosheka. Kufuatilia hizo milimita tatu zilizobaki kungetuchukua siku nyingine.

Jumapili usiku

Hesabu ya mwisho, ikiwa na asilimia 5 kwa ajili ya kumwagika, kizingiti cha mlango na zege linalobaki kwenye karai:

```
4.20 x 3.60 x 0.103 = 1.557
1.557 x 1.05 = 1.635
1.635 x 1.54 = 2.518
2.518 / 7 = 0.360
```

Simiti ni mita za ujazo 0.360, ambazo ni kilo 518, yaani mifuko 10.4. Simiti hainunuliwi kwa desimali, kwa hiyo ni mifuko 11. Mchanga ni mara mbili, mita 0.72. Kokoto ni mara nne, mita 1.44.

Lakini wauzaji wetu huuza mchanga na kokoto kwa tani. Mchanga mkavu nimeuhesabu kwa tani 1.6 kwa mita ya ujazo, ukawa tani 1.15. Kokoto kwa tani 1.5, zikawa tani 2.16. Nimeagiza mchanga tani moja na nusu, kwa kuwa tabaka la chini la rundo huchanganyika na udongo na halifai, na unaobaki utafaa kwa lipu. Kokoto nimeagiza tani mbili na nusu. Nimemwambia mwenye kanta kwamba nataka mchanga wa mto. Wa ufuoni una chumvi, na ndani ya sakafu hii tunalaza wavu wa chuma. Chumvi ikikutana na chuma ndani ya zege, chuma hula kutu, huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya kisima chetu hayatumiki hapa, maana ukiyaonja ulimi unakwambia. Tutachukua ya bomba.

Na hesabu hii, niseme wazi, ni ya sakafu inayolala juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Sakafu ya ghorofa inayoning'inia hewani ina mambo ya nondo na mizigo ambayo mhandisi ndiye wa kuyachora. Ukishapata ujazo, simiti utaihesabu kwa njia hii hii, lakini unene na mchanganyiko havipangwi kwa daftari la mtu kama mimi.

Jumatatu

Mchanga umefika saa nne, na usiku kulikuwa na mvua. Ukiufinya mkononi unashikana na kuacha unyevu kiganjani. Fundi akaniambia, "Mchanga huu umevimba, usiupime kama mkavu."

Nilikuwa nimelisikia jambo hili bila kuliona. Leo nimeliona. Nilichukua chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, nikaikata shingo, nikaijaza mchanga huo bila kuushindilia hadi sentimita 20. Nikaumwaga wote kwenye karai, nikatia maji nusu ya chupa, kisha nikaurudisha mchanga kidogo kidogo nikiukoroga kwa kijiti. Mchanga wote uliporudi na kutulia chini ya maji, urefu wake ulikuwa sentimita 16. Mchanga ni ule ule, hakuna hata chembe iliyotoka, ila umepungua sentimita nne. Nne juu ya kumi na sita ni robo, kwa hiyo ulikuwa umevimba kwa asilimia 25.

Kinachotokea ni kwamba unyevu mdogo hujenga utando wa maji kuzunguka kila chembe, na utando huo huzitenga chembe zisikaribiane. Mchanga mkavu kabisa haufanyi hivyo, na mchanga uliozama majini pia haufanyi hivyo, kwa kuwa utando hukatika. Ule wa unyevu wa katikati, ambao ndio tunaoletewa karibu kila siku, ndio unaovimba.

Kwa aliyenunua kwa uzito, hasara ni ndogo: amelipia maji ya asilimia tano hivi. Aliyenunua kwa ujazo, kwa toroli au kwa kujaza gari, ameuziwa upepo sehemu moja kwa tano. Na hata ukiwa umenunua kwa uzito, uvimbe unakungoja kwenye ndoo wakati wa kuchanganya. Ukipima ndoo za mchanga mbichi kana kwamba ni mkavu, zege linakosa mchanga, kokoto zinabaki uchi na tundu zinaonekana pembeni ya sakafu.

Kwa hiyo tumepanga kipimo cha mfuko mmoja mmoja. Mfuko wa simiti ni lita 35, na haupimwi kwa ndoo hata mara moja, kwa sababu simiti ikimiminwa hujaa hewa na ndoo hudanganya. Unafunguliwa mzima. Kokoto ni mara nne, lita 140, ndoo 7 za lita 20. Mchanga mkavu ungekuwa lita 70, lakini wetu umevimba, hivyo ni 70 mara 1.25, lita 87 na nusu: ndoo 4 na chini kidogo ya nusu ndoo. Tumechora alama ya hiyo nusu ndani ya ndoo kwa rangi.

Maji nayo yana hesabu. Kwa mfuko mmoja tunataka lita 27 hivi kwa jumla, zaidi ya nusu ya uzito wa simiti kwa kidogo tu. Lakini mchanga wetu tayari umebeba karibu lita 5 na nusu. Tunaongeza lita 21 na nusu, yaani dumu moja la lita 20 na jagi moja na nusu. Vibarua hupenda zege jepesi linaloteleza kama uji, nami nawaelewa kwa sababu mikono yao ndiyo inayolivuta. Hata hivyo kila jagi la ziada linapunguza nguvu ya sakafu, na baadaye juu yake hutoa vumbi kila ukifagia.

Jumanne, siku ya kumwaga

Tulianza baada ya sala ya alfajiri ili jua la saa sita litukute tumemaliza. Nailoni nzito imetandikwa juu ya kitanda, wavu umeinuliwa kwa vipande vya zege usilale chini.

Jana usiku nilijiandalia kipimo kimoja zaidi. Mfuko mmoja unatoa zege la mita za ujazo 0.158 hivi, kwa kuwa mita moja inakula mifuko 6.3. Kwa unene wa sentimita 10.3, mfuko huo unafunika mita za mraba 1.53. Chumba kina upana wa mita 3.60 na tunarudi nyuma kutoka ukuta wa uani kuelekea mlangoni. Basi mifuko mitatu inatakiwa kufunika ukanda wa mita 1.28.

Mfuko wa tatu ulipokwisha na kusawazishwa, nilinyoosha tepu. Ilisoma mita 1.17.

Sentimita 11 pungufu si kitu cha kuona kwa jicho, na sote tulikuwa tumeridhika na kazi. Nilimwita fundi kando. "Shika hapa, fundi, tutakwama mwishoni." Alichukua kipande cha nondo chenye alama ya sentimita 10, akakichomeka kwenye zege bichi mahali pengi, akajihadhari kisiguse nailoni. Unene ulikuwa sawa. Kama unene ni sawa na eneo limepungua, basi zege lenyewe lilikuwa linatoka kidogo kuliko nilivyohesabu.

Tukasimama kwenye rundo la kokoto tukatazama. Vibarua wawili walikuwa wakibeba, kila mmoja na ndoo yake. Zote nyeupe, zote za rangi ya ukuta, zote na mkono wa waya. Fundi akajaza maji ile ya kulia, akayamimina kwenye ile ya kushoto. Ya kulia ilipoisha, ya kushoto bado ilikuwa na robo ya nafasi. Moja ni ya lita 20, nyingine ni ya lita 15. Kila mfuko ulikuwa umekosa takriban lita 15 za kokoto na karibu lita 10 za mchanga, na hakuna mtu aliyekuwa amefanya uzembe wowote. Kijana mwenye ndoo ndogo alitaka kuomba radhi. Nilimwambia hakuna kosa lake, ndoo tulizileta sisi.

Zege la mifuko ile mitatu halikuharibika. Lilikuwa na simiti nyingi kidogo kuliko tulivyopanga, na hilo ni kosa la upande wa salama. Lingeumiza mfuko wa pesa tu. Hatari yake ilikuwa kwamba tungefika mfuko wa kumi na moja tukiwa hatuna hata kiganja cha akiba. Ndoo ndogo ikapelekwa kwenye maji ya kuoshea zana, na kazi ikaendelea kwa ndoo mbili za lita 20, ya pili tukiiazima kwa jirani.

Baada ya mfuko wa sita nilipima tena. Kutoka pale penye mita 1.17 tulitakiwa tuongeze 1.28, tufike 2.45. Tepu ilisoma 2.44.

Tulimaliza kizingiti saa tano na nusu. Mifuko kumi ilikwisha yote na wa kumi na moja ukafika nusu.

Jumatano

Magunia yamelowekwa na kutandazwa sakafu nzima. Upepo wa baharini na jua hili hukausha uso wa zege kabla ndani hakujapata nguvu, kwa hiyo yanamwagiwa maji asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku saba. Mama ameichukua zamu ya adhuhuri na hataki mtu mwingine aiguse.

Nimelipima lile rundo lililobaki. Kokoto zimebaki toroli nne hivi, mchanga toroli tatu na ushee ukiacha tabaka la chini. Nusu mfuko wa simiti nimeufunga kwenye nailoni mbili na kuuinua juu ya mbao, utumike kwa lipu ya chini ya ukuta kabla haujaanza kushika mabonge. Fundi alipopita kuangalia sakafu aliomba rangi nyekundu, akaichukua ile ndoo ya lita 15 na kuandika "15" ubavuni, pande zote mbili.